Miche ya serikali na ngitili za wazee: uchambuzi wa kisa cha HASHI, Shinyanga

Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere alizuru Shinyanga, na alichokiona kilimfanya auite mkoa huo jangwa la Tanzania. Miaka miwili baadaye serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu walizoea kuuita HASHI. Baadaye ulipata msaada wa Norwei, na watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakajiunga nao.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kina jambo ambalo ni nadra kulipata. Kwa kawaida tukitaka kulinganisha mawasiliano ya kutoka juu kwenda chini na mawasiliano shirikishi, tunachukua mradi mmoja wa hapa na mwingine wa kule, kisha tunabishana kama tofauti imetokana na mbinu au ni udongo, mvua na watu. HASHI ilianza kwa njia ya kwanza ikageukia ya pili, katika mkoa uleule, kwa Wasukuma walewale, mvua ikiwa ileile ya milimita 600 hadi 800 kwa mwaka.

Msomaji akumbuke tu kwamba Shinyanga ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Meatu, Maswa na Bariadi zilikuwa ndani yake, kabla Mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012.

Ardhi ilivyofika pale

Upara ule haukuletwa na uvivu wa wakulima, na yeyote anayetaka kuzungumza na watu wa Shinyanga kuhusu miti lazima aanzie hapa. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za kufyeka vichaka na misitu ili kuangamiza mbung'o. Wananchi wakahimizwa wafyeke, wakafyeka. Kisha zao la pamba likapanuka na kumeza mapori mengine, mifugo ikaongezeka, na kuni zikatafutwa mbali zaidi kila mwaka.

Kuanzia mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, nao ulikuwa na amri nyingi: punguza mifugo, lima kwa matuta yaliyofungwa, usihame bila ruhusa. Asiyetii alipigwa faini. Baadhi ya mambo hayo kitaalamu yalikuwa na maana, maana matuta yaliyofungwa kweli hushika maji ya mvua. Lakini mtu haikumbuki sayansi ya tuta aliloshurutishwa kulilima. Anaikumbuka faini, na chuki ya zile amri ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowaingiza watu wa Kanda ya Ziwa katika siasa za kudai uhuru.

Pigo la tatu lilikuwa la miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Familia iliyoacha mji wake wa zamani iliacha pia maeneo ya malisho iliyokuwa ikiyatunza, na yakabaki bila mwenyewe. Ng'ombe wa kila mtu wakaingia.

Maeneo hayo ndiyo ngitili. Kwa Kisukuma, ngitili ni kipande cha ardhi kinachofungwa mvua zinapoanza ili majani na miti vikue bila kuguswa, kisha kinafunguliwa kiangazi kikiwa kimekaza, mabua ya mashambani yakiwa yameisha. Hakifunguliwi chote kwa siku moja. Hufunguliwa kwa sehemu, na wanaopewa nafasi kwanza ni ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai watakaolima msimu ujao. HASHI ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa mkoa mzima zilikuwa hekta 600 hivi.

Njia ya kwanza: mche kutoka kitaluni

Mradi ulianza kama miradi mingi ya misitu ya wakati ule ilivyoanza. Tatizo lilitajwa kuwa ukosefu wa miti, kwa hiyo jibu likawa miche. Vitalu vya kati vikaandaliwa, miche ikakuzwa, mingi ikiwa ya aina za kigeni zinazokua haraka, kisha wataalamu wa ugani wakawa na kazi ya kuwashawishi wananchi waichukue na kuipanda.

Nyuma ya utaratibu huo kuna nadharia, hata kama bwana misitu mwenyewe hakuwahi kuisoma. Mwaka 1943 watafiti wawili wa Marekani, Ryan na Gross, walichapisha uchunguzi wa jinsi wakulima wa vijiji viwili vya Iowa walivyoanza kutumia mbegu chotara za mahindi. Kati ya wakulima 259 waliohojiwa, wote isipokuwa wawili walikuwa wamezikubali kati ya 1928 na 1941. Mwanzo walikuwa wachache, kisha wengi kwa mkupuo, kisha wale wa mwisho. Mwaka 1962 Everett Rogers akaupanua mwono huo kuwa nadharia ya ueneaji wa uvumbuzi. Kitu kipya huanza kwa wathubutu, asilimia 2.5 tu ya watu, kikapokelewa na wale ambao jirani huwatazama kabla ya kuamua, kikaenea kwa walio wengi, hadi kinawafikia wachelewaji, asilimia 16 za mwisho.

Nadharia hii siidharau. Ina jambo la kweli ambalo tutakutana nalo tena mbele: Iowa, wauza mbegu ndio waliotangulia kuleta habari, lakini jirani ndiye aliyemshawishi mtu aamue. Hata hivyo ndani yake kuna dhana moja inayopenya kimyakimya. Uvumbuzi unachukuliwa kuwa mwema tayari kabla haujafika kijijini, kwa hiyo swali linalobaki ni lini kila mtu ataukubali. Anayekataa hana hoja, amechelewa tu. Rogers mwenyewe, kufikia mwaka 1976, alikuwa ameandika kwamba mtazamo ule mkuu wa mawasiliano na maendeleo umepitwa na wakati, na akakiri tabia ya watafiti kumlaumu mtu binafsi pale ambapo mfumo ndio wenye kasoro.

Sasa tuupeleke mche huo kwenye kaya moja ya mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Miche inatolewa mvua zinapoanza, kwa sababu ndipo inapofaa kupandwa. Lakini mvua zinapoanza ndipo kila jembe liko shambani. Siku moja ya kupanda miti ni siku moja ya mtama au mahindi iliyopotea. Mama wa nyumba ndiye mchota maji, kwa hiyo kila mche unaohitaji kumwagiliwa mvua ikikatika unaongeza safari kichwani mwake, ingawa katika mkutano wa kugawa miche aliyesaini ni mume.

Mche ukivuka hapo, unakutana na mchwa. Ukivuka mchwa, unafika mwezi wa mavuno, na hapo ndipo wengi wa nje hawaoni shida iliko. Kwa desturi, shamba likishavunwa mabua yake huwa malisho ya wazi, na ng'ombe wa jirani anapita bila kosa. Mche wenye urefu wa goti katikati ya shamba la wazi hauna ulinzi wowote. Kuuzungushia miiba maana yake ni kukata miti mingine ili kuulinda mmoja.

Mkulima anayeyajua haya atafanya nini akiletewa miche hamsini? Ataipokea, maana kumkatalia mgeni wa serikali si adabu, na kumbukumbu za faini bado zipo. Atapanda michache karibu na nyumba kwa kivuli. Mingine itakaukia uani. Kwenye ripoti ya mradi itaandikwa miche hamsini iliyogawiwa, na mkulima atahesabiwa miongoni mwa waliokubali.

Dalili ya kwanza ya njia hii kukwama iko hapo. Takwimu ya kugawa inapanda huku mandhari ikibaki ileile. Anayetaka ukweli ahesabu miche iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, siyo iliyotoka kitaluni. Dalili ya pili inasikika mkutanoni. Maswali yote yakiwa yanaulizwa na mtaalamu, na majibu ya wananchi yote yakiwa "ndiyo", hapo hakuna mawasiliano yanayoendelea, hata kama ukumbi umejaa.

Mbrazili Paulo Freire alilizungumzia jambo hili mapema. Akiwa uhamishoni Chile miaka ya 1960, alifanya kazi karibu na mabwana shamba wa mageuzi ya ardhi, akapinga hata lile wazo la kwamba maarifa "yanapelekwa" kwa mkulima kama gunia. Hoja yake ilikuwa kwamba mtaalamu anayepeleka tu humgeuza mkulima kuwa chombo cha kupokelea, na maarifa aliyonayo mkulima hayahesabiwi kuwa maarifa. Shinyanga ilikuwa na mfano halisi wa hoja hiyo: wataalamu walikuwa wakipita kando ya ngitili zilizobaki wakiwa na miche ndani ya gari.

Swali lilipobadilika

Mgeuko wa HASHI haukuja kwa tamko. Wafanyakazi wa mradi walianza kukaa na wanavijiji kwa zana za tathmini shirikishi: kuchora ramani ya kijiji, kupanga kalenda ya misimu, kukatiza kijiji kwa miguu pamoja na wenyeji wakisimama kila aina ya udongo inapobadilika, na kuwasikiliza wazee, banamhala, wakisimulia ardhi ilivyokuwa. Walitumia pia michezo ya kuigiza, video na vijarida, lakini kwa maoni yangu vyombo havikuwa kiini. Video inaweza kuamrisha kama kipaza sauti. Kilichobadilika ni swali. Mwanzo lilikuwa: tutawafanyaje wapande miti? Sasa likawa: zamani mlikuwa mnapataje malisho ya kiangazi, na kwa nini mliacha?

Swali la namna hiyo lina jibu ambalo mtaalamu hana. Kalenda ya misimu inapochorwa na wafugaji wenyewe, miezi migumu inajitokeza waziwazi: kati ya mabua kuisha na mvua kurudi, ng'ombe wanakonda, maksai hawana nguvu, na kijana anaondoka na mifugo kwenda mbali. Shida waliyoitaja wao ilikuwa majani. Mti ulikuja baadaye, ukifuata nyuma ya ng'ombe. Mradi uliotaka misitu na mfugaji aliyetaka malisho ya Septemba walikutana kwenye kipande kilekile cha ardhi, na jina la kipande hicho lilikuwa tayari linajulikana na kila bibi kijijini.

Kwa upande wa ufundi, ngitili iliondoa karibu kila kikwazo tulichokiona kwenye mche. Haihitaji kitalu, kwa sababu chini ya ardhi iliyoonekana kufa kulikuwa na visiki na mizizi hai, na mbegu za migunga zilizosambazwa na mifugo yenyewe. Ukifunga eneo, vichipukizi vinatoka kwenye mizizi ambayo tayari imeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo havimwagiliwi. Haidai siku za kazi wakati wa kupanda, kwa kuwa kazi yenyewe kubwa ni kutoingia. Na faida ya kwanza inaonekana mwaka huohuo, nayo ni majani. Nguzo, kuni, dawa, matunda ya porini na mahali pa kuweka mizinga ya nyuki hufuata miaka inayoendelea.

Kutoingia, hata hivyo, hakuwezekani kama jirani anaingia. Ndiyo maana jambo hili halikuweza kumalizwa kwa kumshawishi mkulima mmojammoja, na hapa nadharia ya ueneaji inakwama kwa sababu ya ndani kabisa: inamhesabu mtu binafsi anayeamua, ilhali ngitili ni makubaliano. Mbegu chotara ya Iowa ningeweza kuipanda hata kama jirani haitaki. Ngitili yangu inadumu tu ikiwa jirani amekubali kwamba ng'ombe wake akiingia, atalipa.

Makubaliano hayo yalikuwa na mahali pake. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ndipo sheria za kijiji zilipojadiliwa na faini kupangwa, na sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, ndio walioshika wavunjaji. Serikali ya kijiji na kamati zake zikaunganishwa na vyombo hivyo, na sheria za jadi zikaweza kuingizwa katika sheria ndogo za kijiji. Faini ilikuwepo kama enzi ya matuta, lakini safari hii watu waliokaa chini ya mti ndio walioipanga, wakijua kwamba kesho inaweza kuwaangukia wao wenyewe.

Kilichoenea, na nani alikieneza

Sampuli ya vijiji 172 iliyopimwa baadaye ilikuta ngitili 18,607, zenye jumla ya hekta 78,122. Za jumuiya zilikuwa 284 tu. Nyingine zote zilikuwa za kaya au vikundi. Makadirio kwa vijiji vyote 833 vya mkoa yalivuka hekta 350,000. Tathmini ya miaka ya mwanzo ya 2000 ilikadiria kuwa mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya dola 14 hivi za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Muda wa wanawake kutafuta kuni ulipungua kwa saa kadhaa kwa siku.

Mtu asilinganishe hekta 600 na hizo laki tatu na nusu bila kufikiri. Mia sita zilikuwa zile zilizoandikwa. Nina sababu ya kuamini kwamba nyingine zilikuwepo bila kutajwa, maana katika nchi ambayo watu walishahamishwa mara moja, kumtajia ofisa eneo lako bora la malisho si jambo la kufanya haraka. Kama ni hivyo, sehemu ya mafanikio ya HASHI ni kwamba watu waliacha kuficha. Kwangu mimi hayo ni mafanikio ya mawasiliano kuliko hata ya misitu, ingawa yanapunguza kidogo hesabu ya hekta mpya.

Tazama pia namna zilivyoenea. Sehemu kubwa ilikuwa ya kaya moja kuona ng'ombe wa kaya nyingine wakiwa na maziwa mwezi Septemba. Huo ni ueneaji wa jirani kwa jirani, uleule ambao Ryan na Gross waliukuta Iowa. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema ushiriki ulikuja kuifuta nadharia ya ueneaji. Njia za jirani zilikuwepo wakati wa miche pia, na zilipeleka habari vizuri tu: zilipeleka habari kwamba miche inakufa. Kilichobadilishwa na ushiriki ni kile kilichopewa njia hizo kukibeba, pamoja na kanuni za kukilinda.

Wataalamu nao hawakuwa wa bure. Watafiti walipima ni miti gani inafaa kuongezwa ndani ya ngitili, na sera ya misitu ya mwaka 1998 pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 zilifungua mlango wa kijiji kumiliki msitu wake kisheria, jambo ambalo dagashida peke yake isingeliweza. Mambo kama hayo hutoka juu, na yanapaswa kutoka juu.

Mahali ushiriki wenyewe ulipofika ukomo

Dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume. Mradi uliposema "jamii imeamua", mara nyingi waliokuwa wameamua ni wanaume wenye mifugo, hasa wazee. Mwanamke aliyenufaika kwa kuni kuwa karibu hakuwa lazima ndiye aliyepanga ngitili ifungwe lini na iwe wapi, na kama eneo lililofungwa ndipo alipokuwa akikata majani ya kuezekea, alilijua hilo baada ya uamuzi. Kikao cha pembeni cha wanawake, kabla ya baraza kuu, husaidia ikiwa tu hoja zake zinasomwa barazani na mtu ambaye hawezi kupuuzwa.

Ukomo wa pili ni wa ardhi. Ukiangalia wingi wa ngitili za kaya kuliko za jumuiya, utaona aliye na ardhi kubwa ndiye aliyeweza kufunga kipande bila kupunguza shamba. Huko Meatu wastani wa ngitili ya mtu binafsi ulikuwa hekta 2.3. Kaya yenye jumla ya hekta mbili haina cha kufunga. Malisho yakawa na bei, mwenye ngitili akaweza kuyakodisha, na mwenye ng'ombe wawili asiye na ngitili akawa mnunuzi wa majani ambayo zamani, katika ardhi ya wazi, aliyapata bure hata kama yalikuwa mabaya. Wanyama pori waliorudi nao walikula mazao, na tathmini iliweka hasara hiyo kwenye dola 65 hivi kwa familia kwa mwaka. Mwenye shamba linalopakana na ngitili ya mwenzake anabeba hasara ya msitu usio wake.

Ngitili za jumuiya ndizo zingemfaa asiye na ardhi, lakini ndizo ngumu kulinda, kwa sababu mpaka wake unahitaji kijiji kizima kukubaliana tena kila uongozi unapobadilika. Mradi ulifungwa mwaka 2004. Katika zile 284 za jumuiya, kijiji kilichoandika sheria yake ndogo kikaipitisha halmashauri kina karatasi ya kumwonyesha mwenyekiti mpya. Kile ambacho makubaliano yake yalibaki vichwani mwa wazee kinaanza mazungumzo upya kila mzee anapozikwa.